Kutoka watu laki tano hadi oda 16 kwa siku: kupima soko la kupeleka chakula cha mchana Mbeya

Sensa ya 2022 iliikuta Halmashauri ya Jiji la Mbeya na watu 541,603. Hiyo ndiyo namba ambayo karibu kila anayefikiria kuanzisha programu ya simu ya kupeleka chakula huanza nayo, na kosa kubwa huzaliwa hapo hapo. Anachukua mtu mmoja kati ya sita kuwa ndiye anayekula mchana kwa kununua, anapata watu kama 90,000, anazidisha kwa sahani ya shilingi 3,000, anazidisha tena kwa siku 22 za kazi, na mbele yake inakaa karibu shilingi bilioni 6 kwa mwezi. Kisha anasema, "Tukipata asilimia moja tu, tuna milioni 60."

Hesabu yake ya kuzidisha haina kosa. Kilichokosewa ni kitu anachokihesabu. Zile bilioni 6 ni pesa ya mchele, maharage, mkaa na jasho la mama lishe. Ya mwenye programu ni kamisheni tu, tuseme asilimia 10 ya bei ya chakula, kwa sababu nauli ya kupeleka anaichukua bodaboda. Na ile asilimia moja haikutoka popote. Hakuna mtu wala mtaa uliohesabiwa ili ipatikane.

Soko lote liandike, mwekezaji ataliuliza, lakini lisikuchukulie zaidi ya nusu saa. Kazi yenyewe iko kwenye hatua mbili zinazofuata: soko unaloweza kulihudumia, na ndani yake sehemu utakayoipata kweli. Tuzifanye kwa eneo moja, Uhindini na Sokomatola hadi upande wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwa chakula cha mchana tu. Namba za eneo hilo hapa chini ni za mfano wa kuonyesha njia. Ukishazunguka mwenyewe, weka zako.

Kwanza eneo. Usichore duara kwenye ramani. Mbeya imelala kwa urefu kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, Uyole mwisho mmoja na Iyunga upande wa pili, na kaskazini kuna mlima Loleza. Duara la kilomita tano kutoka katikati ya mji linameza miteremko isiyo na ofisi hata moja, halafu linakuaminisha kwamba mteja wa ng'ambo ya barabara kuu yuko karibu, wakati saa saba mchana malori yamejipanga na pikipiki inajipenyeza kwa shida. Pima kwa dakika: panda bodaboda saa 6:45 mchana, toka mgahawani, fika mlangoni kwa mteja, andika muda. Panapozidi dakika 10 ndipo ukomo wa eneo lako ulipo, hata kama kwa macho unapaona.

Pili, ondoa watu ambao tayari wanapelekewa bure. Pale Mwanjelwa na SIDO mama lishe hamsubiri mteja aje. Anapita kibanda hadi kibanda asubuhi kuuliza nani anakula nini, na ikifika saa sita na nusu anarudi na hotpoti, sahani zimefunikwa, mchuzi kwenye kikopo pembeni, na pesa atachukua jioni akija kukusanya vyombo. Huyo mfanyabiashara anapelekewa chakula, anakopeshwa, na halipi nauli. Programu yako haina cha kumpa. Ukiwahesabu watu wa sokoni ndani ya soko lako kwa sababu ni wengi na wako karibu, umejaza karatasi kwa wateja ambao hutawaona.

Tatu, badilisha kipimo. Hakuna anayelipa nauli ya 1,500 kwa sahani ya 3,000. Wanaoagiza ni watu wanne au watano wa ofisi moja wanaochangia nauli, kila mmoja anatoa mia tatu au mia nne na haimuumi. Kwa hiyo hesabu sehemu za kazi, si vichwa. Na oda moja ihesabu kama sahani nne, yaani 12,000.

Sasa tembea. Watu wawili wakipita mtaa kwa mtaa kwa siku tatu watamaliza eneo hili: kila ofisi, duka, kliniki au karakana yenye wafanyakazi watano na zaidi inaandikwa. Tuseme mmepata 640. Kati ya hizo chagua 60 kwa kuruka, kila ya kumi kwenye orodha hadi zitimie 60, wala si zile ambazo mlinzi ni rafiki yako. Ingia uulize maswali ya yaliyokwisha kutokea: jana mlikula nini, nani alileta, mlilipa shilingi ngapi, wiki iliyopita mliagiza kwa simu mara ngapi. Kamwe usiulize, "Tukileta programu ya kuagiza chakula mtaitumia?" Mtu wa Mbeya ni mstaarabu, atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo. Utarudi na asilimia 80 za adabu.

Tuseme majibu ya zile 60 ni haya. Sehemu 33 wana mama anayewaletea au wanatoka kula mgahawa wa jirani. Sehemu 15 wanabeba chakula kutoka nyumbani. Zilizobaki, 12, wiki iliyopita waliagiza kwa simu chakula kikaletwa na bodaboda, na kwa jumla waliagiza mara 30, yaani mbili na nusu kila sehemu. Kumi na mbili kati ya 60 ni asilimia 20. Asilimia 20 ya 640 ni sehemu 128, na 128 mara mbili na nusu ni oda 320 kwa wiki. Hilo ndilo soko unaloweza kulihudumia katika eneo hili: oda 64 kwa siku.

Usiishike 320 kama namba ya benki. Sampuli ya 60 ni ndogo, na ile asilimia 20 inaweza kuwa 10 au 30 kwa hali halisi, kwa hiyo soko liko mahali fulani kati ya oda 160 na 480 kwa wiki. Iandike hivyo, namba tatu pamoja. Ukitaka kulibana pengo hilo liwe nusu, unahitaji sampuli mara nne, sehemu 240, na mara nyingi kazi hiyo hailipi kabla hujajua kama hata ile namba ya juu inakutosha.

Hatua ya mwisho ni sehemu utakayoipata. Hapa kuna kuta mbili, na ile iliyo karibu zaidi ndiyo inayokuzuia.

Ukuta wa kwanza ni namba ya simu ya mama lishe. Zile sehemu 128 tayari wana namba yake na ya kijana wa bodaboda. Ukimkata mama asilimia 10, ama atapandisha bei kwa wanaopitia kwako, ama atamwambia mteja, "Mwanangu, nipigie tu mwenyewe." Utaijua hali hii kwenye daftari: ofisi inaagiza mara mbili tatu kupitia kwako kisha inanyamaza, na ukipita mchana unakuta vyombo vya mama yule yule mezani. Kwa mwaka wa kwanza, kupata sehemu moja kati ya nne ni makadirio ya mtu mwenye matumaini. Hiyo ni sehemu 32, oda 80 kwa wiki, 16 kwa siku.

Ukuta wa pili ni bodaboda wenyewe. Oda zote zinataka kufika kati ya saa sita na nusu na saa nane, dakika 90. Safari moja, ukipima kwa saa, inakula kama dakika 30: kumi za kusubiri chakula kipakuliwe, nane za njiani, tano za kukabidhi na kusubiri muamala uingie, saba za kurudi. Kila mmoja anabeba oda tatu, basi. Oda 16 zinataka vijana sita, na kila mmoja hapati zaidi ya 4,500 kwa nauli ya 1,500. Kama kwa muda huo huo kijiweni angebeba abiria watano wa buku buku, ana 5,000 mkononi bila kusubiri wali uive. Atakuja wiki ya kwanza, ya pili atakwambia pikipiki imeharibika. Dawa inayofanya kazi ni kuunganisha oda mbili za uelekeo mmoja kutoka jiko moja, na hilo linawezekana tu kama ofisi zako zimekaa karibu karibu. Ndiyo maana eneo dogo lenye wateja wengi ni bora kuliko mji mzima wenye wateja waliotawanyika.

Kisha igeuze hesabu. Kila oda ya 12,000 inakuachia 1,200. Oda 80 kwa wiki, kwa wiki nne, ni 384,000 kwa mwezi. Tuseme gharama zako ni 1,500,000 kwa mwezi: mratibu, anayetunza programu, chumba cha ofisi, vifurushi vya intaneti, makato ya miamala. Gawanya kwa 1,200: unahitaji oda 1,250 kwa mwezi, karibu 313 kwa wiki. Soko zima la eneo ni 320. Unatakiwa kupata asilimia 98 ya kila anayeagiza ili tu usile hasara. Hata soko likiwa kwenye ile namba ya juu kabisa, 480, unahitaji asilimia 65. Hapo hata ukiongeza sampuli, jibu halibadiliki.

Wengi wakifika hapa wanarudi kuongeza namba za juu: wanaweka Uyole, wanaweka Mbalizi, wanaingiza Tukuyu. Kila eneo jipya linakuja na vijana wake wa bodaboda na mratibu wake, na soko lake halijatembelewa. Tunashauri uanze kwa kugusa gharama. Ukiondoa programu na ofisi, ukabaki na mratibu mmoja, simu mbili, WhatsApp na daftari lenye mistari ya saa, jiko, ofisi na kijana aliyepeleka, gharama inaweza kushuka hadi 350,000. Hiyo inadai oda 292 kwa mwezi, 73 kwa wiki, asilimia 23 ya soko la eneo. Sasa uko chini ya ile moja kati ya nne uliyoikadiria, kwa tofauti ya oda saba tu kwa wiki.

Endesha hivyo kwa wiki nane, zikiwemo angalau mbili za mvua, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili siku ya mvua oda hupanda na vijana hupungua. Kila Jumamosi hesabu ofisi ngapi kati ya zile 128 zimeagiza kupitia kwako, na ngapi za wiki iliyopita hazikurudi. Zikifika 32 na kubaki hapo, kadirio la robo limeshikika, na unaweza kuhesabu eneo la Kabwe na Mafiati kwa njia hii hii. Zikiganda kwenye 15, rudi kwa mama lishe mwenye vyombo mezani umuulize anataka alipwe vipi, kwani pesa ya kumjengea programu bado haipo kwenye soko hili.