Fedha ya dharura: ikae kiasi gani, ikae wapi

Msomaji wa Morogoro, fundi cherehani, ameuliza kama milioni moja na nusu inatosha kuwa akiba ya dharura, na kama aiweke SACCOS. Tuanze na kiasi.

Usihesabu kipato, hesabu matumizi yasiyoepukika. Yeye kwa mwezi ana chakula 240,000, umeme na maji 30,000, nauli 50,000, ada ya mtoto 40,000 na msaada kwa wazazi 40,000. Jumla 400,000. Kodi ya nyumba ni 100,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mpigo, yaani 600,000, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Kazi ikisimama mwezi mmoja kabla ya kodi, miezi 3 itadai 1,200,000 za matumizi na 600,000 za kodi. Ile milioni moja na nusu imepungukiwa 300,000. Kwa hiyo kodi iwekewe fungu lake la 100,000 kila mwezi, lisiguswe. Fungu hilo likiwepo, miezi 3 inatosha kwa mwajiriwa. Fundi ambaye wateja hupotea msimu mzima alenge miezi 6, yaani milioni 3 kwa matumizi ya 500,000, fungu la kodi likiwemo.

Kuhusu SACCOS, jibu langu ni hapana. Ni mahali pazuri pa kukopea, ila akiba yako pale ndiyo dhamana ya mkopo wako, na mara nyingi ya wale uliowadhamini. Kwa kawaida huitoi yote mpaka ujitoe uanachama. Amana ya muda maalumu nayo ukiivunja kabla ya siku yake, riba inapotea yote au sehemu.

Ningeigawa hivi. Laki moja na nusu ikae kwenye simu, kwa sababu hospitali usiku haingoji benki ifunguliwe. Matumizi ya mwezi mmoja yakae akaunti ya akiba isiyokatwa ada ya kila mwezi, katika benki tofauti na ile unayopokelea malipo ya kazi. Benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Zilizobaki ziende Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako thamani ya vipande unavyonunua hukua kila siku na kuviuza hakukatwi ada. Ule ni uwekezaji, hauna bima hiyo, na malipo huweza kuchukua siku 3 za kazi. Ukiomba Ijumaa jioni, tegemea Jumatano. Hiyo laki na nusu na akaunti ya akiba ndizo za kukuvusha siku hizo.

Akaunti ikikaa muda mrefu bila muamala, benki huilaza, na kuifufua ni mpaka ufike tawini na kitambulisho. Weka hata 5,000 kila mwezi. Kisha jaribu kutoa kidogo kutoka kila sehemu sasa, ukiwa mzima: utagundua mapema namba ya siri uliyoisahau, au jina la kwenye akaunti lisilofanana na la kitambulisho cha NIDA.