Gemu ya simu kwenye TV inachelewa

"Wakuu, tukicheza mpira na washkaji narusha simu kwenye TV kwa waifai, ila nikibonyeza pasi, kwenye TV inatokea baadaye. Nina Android na laptop. Nifanyeje?"

Mkuu, achana na waifai. Simu inabana picha, inaipitisha hewani, halafu TV inaiweka akiba kidogo ili isikwamekwame. Kwa filamu sawa, kwa gemu ni balaa.

Tumia waya. Ingia Settings, About phone, gusa Build number mara 7, kisha kwenye Developer options washa USB debugging. Pakua scrcpy kwenye laptop, ni programu ya bure inayoonyesha skrini ya simu kwenye laptop. Chomeka simu kwa waya unaopitisha data (ule wa kuchajia tu hautasaidia kitu), kubali ujumbe unaotokea kwenye simu, halafu fungua Command Prompt ndani ya folda ya scrcpy, andika:

```
scrcpy -m 1280 --max-fps=60 --no-audio
```

Watengenezaji wake wanataja ucheleweshaji wa milisekunde 35 hadi 70. Hiyo --no-audio inaacha sauti itoke kwenye simu. Laptop ikielemewa, shusha 1280 iwe 1024.

Laptop na TV ziunganishe kwa HDMI. Hapa wengi hulaumu simu bure, kumbe TV yenyewe inachelewesha kwa kuipamba picha. Washa Game Mode kwenye tundu hilohilo la HDMI. Ukitaka kumjua mchawi, bonyeza Windows+P, chagua Duplicate, kisha tazama skrini zote mbili mpira ukipigwa: laptop ikitangulia waziwazi, rudi kwenye mipangilio ya TV.