Gharama zimefyonzwa pungufu: je, kiwanda kimetumia kupita bajeti?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najiandaa na mitihani ya NBAA. Kwenye swali la kiwanda cha sabuni nililokutumia, gharama za uendeshaji zimefyonzwa pungufu kwa shilingi 1,500,000. Nikaeleza kuwa kiwanda kilitumia zaidi ya bajeti kwa kiasi hicho, kama desa linavyosema. Hesabu nimepata zote, lakini kipengele cha sababu nimepewa sifuri. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kilichokuponza ni hilo desa. Sentensi hiyo ya "zimefyonzwa pungufu, kwa hiyo wametumia zaidi" nakutana nayo kila msimu wa mitihani, neno kwa neno, na anayeiuza sidhani kama amewahi kushika bajeti ya kiwanda mkononi.

Rudi kwenye takwimu zako. Bajeti ya gharama hizo za uendeshaji, ambazo ni zisizobadilika, ilikuwa shilingi 12,000,000 kwa mwezi, kwa saa za mashine 4,000, ndiyo maana kiwango cha kufyonza kikawa shilingi 3,000 kwa saa. Katoni moja imepangiwa saa 2, kwa hiyo zilitarajiwa katoni 2,000. Zikatoka katoni 1,700, mashine zikafanya kazi saa 3,600, na gharama halisi ikawa 11,700,000. Isome tena hiyo ya mwisho. Kiwanda kimetumia pungufu ya bajeti kwa 300,000, halafu wewe unamwambia msahihishaji kimezidisha milioni moja na nusu!

Upungufu umetoka kwenye uzalishaji. Kila katoni inayokamilika hubeba shilingi 6,000 za gharama hizi. Katoni 1,700 zimebeba, yaani zimefyonza, 10,200,000, na zile 300 ambazo hazikutengenezwa zimeacha 1,800,000 bila wa kuzibeba, maana pango la jengo na mshahara wa msimamizi hulipwa hata mashine zikilala. Hiyo 1,800,000 ndiyo tofauti ya kiasi cha uzalishaji, nayo ni mbaya. Ondoa tofauti nzuri ya matumizi ya 300,000, unabaki na 1,500,000 yako.

Alama za sababu zinaanzia hapo, kwa sababu tofauti ya kiasi cha uzalishaji ina sehemu mbili. Mashine zilipangiwa saa 4,000 zikafanya kazi 3,600: saa 400 kwa 3,000 ni 1,200,000, tofauti ya uwezo. Halafu katoni 1,700 zilistahili saa 3,400, zikala 3,600: saa 200 zilizozidi ni 600,000, tofauti ya ufanisi. Swali lako limetaja umeme kukatika na vibarua wapya. Umeme ulizima mashine, basi unaelezea saa 400. Vibarua waliifanya kazi iende polepole wakati mashine zinawaka, basi wanaelezea saa 200. Ukizibadilisha sababu hizo mahali, hesabu zako hazitakuokoa. Na ile 300,000 usiisifie haraka, kwani huenda matengenezo ya mashine yameahirishwa tu. Swali likiwa na dokezo la namna hiyo, litumie. Lisipokuwa nalo, usibuni.

Kuna wengine huzidisha 3,000 kwa saa halisi 3,600, wanapata 10,800,000 na upungufu wa 900,000. Kwa kiwanda kisichotumia gharama sanifu hiyo ni sawa. Kwenye gharama sanifu kinachofyonza ni saa zilizostahili kwa kazi iliyotoka, na ukitumia saa halisi tofauti yote ya ufanisi, ile 600,000, inapotea machoni pako.

Hili la desa lisingeniudhi sana kama lingeishia kwenye chumba cha mtihani. Watu wanaingia nalo kazini. Meneja anaoneshwa gharama zilizofyonzwa pungufu, anaambiwa watu wake wanatumia hovyo, anabana mafuta ya mashine na vipuri. Mwezi unaofuata mashine zinaharibika, saa zinapungua, upungufu unakua. Mwingine anashauriwa "azalishe tu" hadi gharama zifyonzwe zote. Faida inapanda kwenye karatasi, kwa kuwa sehemu ya gharama za mwezi imehamia kwenye sabuni iliyorundikwa ghalani, huku fedha za malighafi zimeshatoka na mnunuzi hayupo.

Na wapo wanaofundisha njia ya mkato mbaya zaidi: uzalishaji ukishuka, pandisha kiwango cha kufyonza mwisho wa mwaka ili upungufu wote uingie kwenye thamani ya bidhaa zilizobaki. IAS 2 inakataza. Gharama zisizobadilika za uzalishaji hugawiwa kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, na zisizogawiwa kwa sababu ya uzalishaji mdogo huingia kwenye gharama za kipindi kile kile. Kwa swali lako, kama saa 4,000 ndizo uwezo wa kawaida, 1,500,000 inakwenda upande wa debiti wa akaunti ya faida na hasara ya mwezi huo, na katoni zilizoko ghalani zinaendelea kubeba shilingi 6,000 kila moja.