Mwandikie mkeka wa bibi yake

*Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya miezi sita. Ya kwanza iliharibika. Mama yangu, msusi wa mikeka kule Pemba, alifariki mwaka jana kabla hajanifundisha vizuri. Nataka kumwandikia mwanangu barua ya yale ninayotamani arithi, lakini kila nikishika kalamu yanatoka mawaidha tu: soma, sali, heshimu wakubwa. Na mama mkwe anasema kumwandikia aliye tumboni ni uchuro. Nifanyeje?*
*Mama kijacho, Tanga*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa ile mimba, maana hiyo nayo ni msiba ingawa watu hawaji kuhani.

Nianze na mama mkwe. Usibishane naye, anaogopa yasijirudie. Mtoto usimpe jina kwenye barua, muite "mwanangu" tu. Wala usimwandikie mambo ya mbele, utakapoanza shule, utakapoolewa. Andika yaliyokwisha kuwa: mama yako alivyokuwa, wewe ulivyolelewa. Hayo hayamtangulii mtoto, na yatabaki kweli liwe litakalokuwa.

Mawaidha yaache. Kusoma na kusali ataambiwa na kila mtu, lakini mkono wa bibi yake hakuna wa kumwambia isipokuwa wewe. Bila shaka una mkeka wake mmoja nyumbani. Utandike, ukae juu yake, uandike unachokiona. Geuza upande wa chini utafute mshono, pale ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, ulipoungwa na ukili mwenzake. Chukua ukili mmoja uhesabu chane zake, vile vipande vyembamba vya majani vilivyosukwa, uandike idadi. Pima upana wake kwa vidole. Taja rangi zinavyofuatana, na pindo alivyolimaliza. Mtoto akikua akaukuta mkeka umechakaa, barua itamwonyesha ulivyokuwa.

Halafu andika kazi yenyewe kwa kadiri uliyoiona: ukindu, yaani majani ya mkindu, unaanikwa juani mpaka unakuwa mweupe, unachanwa, wa rangi unachemshwa kwenye sufuria ya rangi, kisha unasukwa ukili mrefu unaokunjwa mduara kusubiri kushonwa. Utafika mahali utakwama. Pengine hujui kwa nini mama alikuwa akiulowesha ukindu kabla ya kuusuka. Mimi nitakujibu hilo: mkavu hukatika mkononi. Lakini ni ukindu kiasi gani kwa mkeka wa watu wawili, au uzi uvutwe vipi mkeka usifanye matuta, muulize aliyekuwa akisuka naye. Dada yake yuko? Jirani yake? Mpigie wiki hii, na umrekodi kwenye simu akieleza. Kisha uyaandike kwa maneno yake mwenyewe, hata ya Kipemba usiyoyatumia Tanga.

Yule mshairi wa zamani, Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye wasia mwaka 1858, naye mgonjwa, alimwita akae karibu na wino na karatasi. Yule binti alikuwa mkubwa, neno asilolielewa aliweza kuliuliza. Wako hawezi. Kwa hiyo ukiandika "chane", eleza chane ni nini, na ukiandika "ukili", bandika kipande cha ukili pale pale ukurasani, hata kama ni ulichosuka wewe kikapinda. Ningefurahi zaidi kikiwa ni hicho. Chini yake mwandikie kimepindia wapi: pengine ulilegeza mkono katikati, chane zikaachana na mwanga ukapita. Hapo mtoto atajua ulijaribu, na yeye ataanzia pale ulipoishia.

Na kile kinachokuuma, kwamba hukukaa na mama ukajifunza, kiandike pia. Mwambie ulikuwa wapi siku zile na ulikuwa unashughulika na nini. Usimwombe msamaha na usijilaumu ukurasa mzima. Sentensi tatu za kweli zinamtosha.

Kuhusu kuitunza: andika kwa penseli kwenye daftari gumu, maana penseli haichuruziki daftari likilowa. Kama utaweka na picha ya altrasaundi, itoe fotokopi kwanza. Karatasi yake ni kama ya risiti za dukani, hufifia kwa joto na mwanga, na ukiipeleka kupigwa laminesheni ya moto inageuka nyeusi. Kila ukurasa upige picha umtumie dada au shoga unayemwamini, ili mchwa wakilila daftari, nakala ibaki.

Mama mkwe naye, akitulia, muulize mama yake alikuwa akifanya kazi gani ya mikono. Akikueleza, mpe ukurasa wake, kwani huyo pia ni damu ya mtoto.

Mwishoni acha kurasa kama kumi tupu. Yule uliyempigia atakumbuka jingine usiku wa manane akupigie, na utahitaji pa kuliandika.

Shangazi