Pakiti ya maharagwe ya ukame: tuandike magunia mangapi?

Swali: Mtaalamu, sisi ni kikundi cha Makueni kinachozalisha mbegu za maharagwe mekundu ya kukomaa mapema, na tunachapisha pakiti mpya ya kilo 2. Rasimu inasema: "Yanastahimili ukame! Siku 65 tu! Hadi magunia 9 kwa ekari." Vuli ya 2023 tulipima mashamba 9 ya wanachama. Moja lilitoa magunia 9 ya kilo 90 kwa ekari, mengi yalitoa 4 hadi 5. Vuli ya 2022 tulipima manne tu, yakatoa kati ya gunia 1 na 2. Muuzaji wetu anasema namba ndogo haiuzi. Tuandike ipi?

Jibu: Andikeni mbili: ile ya mashamba mengi ya 2023 na ile ya 2022, kila moja ikiandamana na mvua yake. Ya magunia 9 iacheni kwenye daftari lenu.

Kumbukeni mvua ya misimu hiyo. Vuli ya 2022 ilifunga mfululizo wa misimu mitano ya mvua haba katika maeneo kame ya Kenya. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na maji yakawa mengi kupita kawaida. Kwa hiyo magunia 9 yalipatikana shamba likiwa limelowa, kisha rasimu yenu imeyaweka mstari mmoja na neno "ukame". Mkulima atayasoma pamoja, na ana haki ya kuyasoma hivyo: hata mvua ikikatika, nitapata tisa. Neno "hadi" halitamwokoa. Dukani linamezwa, namba ndiyo inayobaki kichwani, na akivuna mawili atasema mbegu ilikuwa feki. Atawaambia hivyo na majirani zake, na msimu ujao hata wale ambao mbegu yenu ingewafaa hawatainunua.

Muuzaji wenu ana hoja moja ya kweli: "gunia 1 hadi 2 kwa ekari" inatisha. Lakini inatisha kwa sababu ya kipimo. Wanunuzi wengi wa pakiti ya kilo 2 hawapandi ekari nzima ya maharagwe, kwa hiyo pigeni hesabu ya pakiti yenyewe. Mbegu kubwa kama zenu, 100 huwa na uzito wa gramu 40 hivi. Pimeni zenu kwanza mhakikishe. Kilo 2 basi ni mbegu kama 5,000. Mkipanda mistari ikiachana sentimita 50, na mbegu moja kila sentimita 10, pakiti inatosha mita 25 kwa 10. Ekari moja inameza pakiti 16.

Sasa gawanyeni mavuno yenu kwa 16. Magunia 4 hadi 5 ni kilo 360 hadi 450, kwa hiyo kila pakiti ilirudisha kama kilo 22 hadi 28. Gunia 1 hadi 2 ni kilo 6 hadi 11 kwa pakiti. Kwa gorogoro ya kilo 2, mkulima alipanda moja, akavuna 11 hadi 14 mvua iliponyesha vizuri, na 3 hadi 5 na nusu ilipokatika. Hiyo ni hesabu ambayo mama anayenunua mbegu sokoni Wote anaweza kuipima mwenyewe uani baada ya kupura. Kilo zichapwe kwanza kwa sababu ndizo kipimo rasmi, na gorogoro ifuate.

Neno "yanastahimili ukame" nalo lina kazi ya kufanyiwa. Kwa mtafiti anayezalisha aina mpya za mbegu maana yake ni kwamba aina hii hupoteza mavuno kidogo kuliko nyingine maji yanapopungua. Kwa mkulima maana yake ni kwamba haihitaji mvua. Aina zinazokomaa mapema, kama zile za kituo cha utafiti cha Katumani zinazojulikana kwa KAT B1 na KAT B9, husaidika zaidi kwa kuukimbia ukame: zinajaza maganda kabla udongo haujakauka. Udhaifu wao ni wakati wa maua. Mvua ikikatika mmea ukiwa umeanza kuchanua, maua yanapukutika na maganda machanga yanakauka, na mvua itakayorudi baadaye hairudishi yote yaliyoanguka. Pakiti iseme wazi mbegu inasaidia wapi na inashindwa wapi. Mkulima aliyeonywa akiona maua chini ataelewa kilichotokea.

Hizo siku 65 mnazihesabu kuanzia lini? Ukambani wengi wanatupa mbegu kwenye udongo mkavu kusubiri mvua. Akihesabu tangu siku aliyopanda, atawaona mmechelewa kwa wiki mbili. Hesabu ianze siku ya mvua iliyootesha mbegu, na iandikwe hivyo.

Kwa hiyo mgongo wa pakiti ningeuandika hivi:

> Maharagwe haya hukomaa siku 65 hivi baada ya mvua ya kuotesha, kwa hiyo yanafaa mahali ambapo mvua huisha mapema. Hayaoti bila mvua, na mvua ikikatika wakati wa maua mavuno hupungua sana. Pakiti hii inatosha mita 25 kwa 10, yakipandwa peke yake. Katika mashamba ya wakulima wetu Makueni, pakiti moja ilitoa: vuli ya 2023, mvua nyingi, kilo 22 hadi 28 katika mashamba mengi (gorogoro 11 hadi 14), vuli ya 2022, mvua haba, kilo 6 hadi 11 (gorogoro 3 hadi 5 na nusu). Shamba lako linaweza kutoa zaidi au pungufu.

Maneno "yakipandwa peke yake" msiyafute kuokoa nafasi. Maharagwe yakiwa chini ya mahindi hupata kivuli na kugawana maji, na namba hizi hazimhusu mkulima huyo.

Mtaona sijaandika kwamba yanazaa kuliko mbegu ya kawaida. Hamjapima hilo. Vuli ijayo, waombeni wanachama kumi wapande mistari mitano yenu na mitano ya mbegu wanayoitunza nyumbani, shamba moja, siku moja, palizi moja. Vuneni mistari mitatu ya katikati ya kila upande, mkaushe sawasawa, mpime. Mashamba manne ya mwaka mkavu ni machache, na ndiyo yanayobeba dai lenu kubwa, kwa hiyo kila msimu wa mvua haba mtakaoupima una thamani kuliko msimu wowote wa neema. Hesabu hiyo ikija, ndipo mlinganisho uingie kwenye pakiti.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, wasomeeni maandishi haya watu wanane ambao si wanachama, kisha waulizeni swali moja tu: "Ukipanda pakiti hii na mvua ikatike mapema, utavuna nini?" Anayejibu kilo 20 amesoma namba ya kwanza akaacha ya pili. Wakiwa wawili au watatu wa namna hiyo, geuzeni mpangilio, mwaka wa mvua haba utangulie.