Hati miliki mkononi, daftari ofisini: maswali yenu kuhusu ardhi

Muuzaji amenionyesha hati miliki halisi, yenye muhuri na saini. Kwa nini bado naambiwa nikafanye upekuzi?

Kwa sababu upekuzi, yaani kuomba msajili wa ardhi akuonyeshe daftari linasema nini leo, hukupa habari za sasa, wakati hati inakueleza daftari la ardhi lilivyokuwa siku hati ilipotolewa. Kama ilitolewa miaka 9 iliyopita, unasoma habari za miaka 9 iliyopita. Tangu hapo mwenyewe anaweza kuwa amekopea, ndugu akaweka zuio, au kipande kikakatwa na kuuzwa. Yote hayo yanaandikwa ofisini kwa msajili, na karatasi iliyolala kabatini haibadiliki.

Nchi nyingi hutumia mfumo unaofuata sheria iliyopitishwa Australia Kusini mwaka 1858, iliyosukumwa na Robert Torrens. Kabla yake mnunuzi alilazimika kufukua mikataba ya wauzaji waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na mmoja ukiwa na kasoro, yote iliyofuata ilitetereka. Sheria ile ililifanya daftari la serikali ndilo ushahidi wa umiliki. Ndiyo maana swali lako linajibiwa na daftari.

Peleka namba ya kiwanja wewe mwenyewe, au wakili wako aipeleke, na usipokee majibu ya upekuzi yaliyoletwa na muuzaji. Ukurasa wa daftari kwa kawaida una sehemu tatu: maelezo ya ardhi, mmiliki, na mizigo iliyo juu ya ardhi hiyo, yaani rehani, mazuio na haki za watu wengine. Watu huanza na jina la mmiliki. Mimi nakushauri uanze na ile sehemu ya tatu.

Naambiwa kiwanja ni futi 50 kwa 100, lakini hati inasema hekta 0.045. Nimepunjwa?

Tupige hesabu. Futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48. Ukizidisha unapata mita za mraba 464 na ushei, sawa na hekta 0.0465. Hati yako inasema hekta 0.045, yaani mita za mraba 450, na hizo ni sawasawa na mita 15 kwa 30. Aliyegawa eneo alipima kwa mita, halafu sokoni kiwanja kikaendelea kuitwa kwa futi. Tofauti ni kama mita za mraba 15, mfano wa kipande chembamba cha nusu mita kikiambaa upande mrefu.

Kitakachosajiliwa kwa jina lako ni kile cha kwenye hati. Bei ijadiliwe kwa hekta au mita za mraba zilizoandikwa, na mkataba utaje namba hizohizo.

Wakati unasoma sehemu ya maelezo ya ardhi, itazame vizuri namba ya kiwanja. Mara nyingi ina jina la eneo la usajili, kisha kitalu, kisha namba yenyewe. Shamba likigawanywa, namba ya zamani hufungwa na vipande hupewa namba mpya. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipande huku hati aliyoishika ina namba ya shamba zima, kipande chako bado hakijazaliwa kwenye daftari. Hata kama kimeshawekewa bikoni, yaani alama za mpaka kwenye kona, hakuna kitu cha kukuhamishia hadi mgawanyo usajiliwe.

Jirani amejenga ukuta, naona ameingia kwangu kama mita moja. Hati yangu ina ramani ndogo nyuma. Inatosha kumtoa?

Haitoshi, na sababu ni unene wa mstari. Ramani ya kipimo cha 1 kwa 2,500 maana yake milimita moja kwenye karatasi ni mita 2.5 ardhini. Mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25. Mita moja unayoidai imelala ndani ya wino, na hakuna mtu anayeweza kuitoa hapo kwa rula.

Kinachofuata kinategemea aina ya mpaka wako. Upo mpaka wa jumla: ramani inaonyesha kwamba ardhi yako inakutana na ya jirani penye ua, mfereji au njia fulani, bila kusema kama mpaka ni katikati ya ua au pembeni yake. Ardhi ya namna hii eneo lake mara nyingi huandikwa kwa neno "takriban". Upo pia mpaka uliopimwa na kuthibitishwa, ambao kila kona ina bikoni yenye namba, na umbali kati ya kona na kona umeandikwa kwenye ramani ya upimaji. Ramani hiyo hutunzwa na mamlaka ya upimaji, na ile ndogo ya nyuma ya hati haishiki nafasi yake.

Omba nakala ya ramani ya upimaji, kisha mlete mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute bikoni. Jirani awepo, maana upimaji uliofanyika kwa siri huzaa upimaji wa pili. Kama mpaka ni wa jumla, kazi inakuwa kuangalia alama za zamani ardhini na kusikiliza waliozijua, na katika nchi nyingi msajili au mpima wa serikali ndiye huamua kwanza. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inazuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka haijaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Tafadhali usiing'oe bikoni hata ukiwa na hakika imehamishwa. Ni kosa la jinai kwingi, na utakuwa umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

Hati bado ina jina la marehemu baba. Sisi watoto wote tumekubaliana kuuza. Tunaweza kusaini?

Hapana. Makubaliano yenu yana uzito nyumbani, lakini mbele ya msajili anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Jina lake huingizwa kwanza kwenye daftari kwa nafasi hiyo ya usimamizi, ndipo ardhi igawiwe au iuzwe. Mnunuzi anayelipa kabla ya hapo amepewa ahadi tu.

Angalieni pia kama baba aliandikwa na mtu mwingine. Kama walikuwa wamiliki wa pamoja wasiogawana hisa, kwa kawaida aliyebaki hai huchukua yote, na ardhi hiyo haiingii kwenye mirathi kabisa. Kama waliandikwa kila mmoja na hisa yake, hisa ya baba ndiyo inayorithiwa. Maneno mawili matatu kando ya majina ndiyo yanayoamua, nami nimeona familia zikigombania nyumba miezi mingi kabla ya yeyote kuyasoma.

Kwenye upekuzi imeonekana rehani ya benki. Muuzaji anasema deni liliisha zamani, na ana barua ya benki. Nilipe?

Usilipe bado. Anaweza kuwa anasema kweli kabisa, lakini barua haifuti rehani. Inayofuta ni hati ya kuondoa rehani, iliyosainiwa na mkopeshaji na kusajiliwa. Hadi hapo rehani inaendelea kuikamata ardhi, hata ikihamia kwako.

Tuchukue mfano. Sehemu ya tatu ya daftari ina maingizo mawili: la kwanza ni rehani ya mwaka 2015, la pili ni nyongeza ya rehani ya mwaka 2018 kwa benki ileile. Barua aliyonayo muuzaji inasema mkopo umelipwa wote, ikitaja namba ya akaunti moja. Swali la kuuliza ni: akaunti ya mkopo upi? Mkopaji aliyemaliza deni la kwanza huamini amemaliza yote, na karani aliyeandika barua alitazama akaunti aliyoulizwa. Deni la 2018 linabaki, na ardhi yako mpya ndiyo dhamana yake.

Itazame hati nayo. Mara nyingi mkopeshaji hukaa na hati halisi muda wote wa mkopo. Ukikuta muuzaji anayo huku rehani ingali kwenye daftari, huenda benki ilimrudishia baada ya malipo na hakuna aliyekwenda kusajili uondoaji. Hilo hutokea sana, na linarekebishika. Lakini huenda pia alidai hati imepotea akapewa nyingine. Ulizia kwa msajili kama hati hiyo ni ya pili kutolewa.

Njia salama ni kumwomba mkopeshaji, kwa maandishi, kiasi chote kinachodaiwa juu ya kiwanja hicho, akitaja namba za maingizo yote. Kama deni lipo, sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji kupitia kwa mawakili, naye aahidi kwa maandishi kutoa hati na uondoaji akishapokea fedha. Uondoaji usajiliwe kabla ya uhamisho, au vyote viwasilishwe pamoja kwa mpangilio huo. Kisha fanya upekuzi mwingine asubuhi ya siku ya kulipa. Haki nyingi hupangwa kwa zamu ya kusajiliwa, na aliyesajili jana yuko mbele yako.

Zuio, au kaveati, maana yake kiwanja kina kesi?

Si lazima. Zuio huwekwa na mtu anayedai ana haki kwenye ardhi: mwenzi, mrithi, au mnunuzi aliyelipa sehemu ya bei. Linaonyesha kuna dai, na bado halijathibitika. Amri ya mahakama ni jambo jingine, yenyewe huondolewa na mahakama. Vyovyote iwavyo, omba nakala ya waraka uliosababisha ingizo, usome nani anadai na anadai nini. Muuzaji akikwambia ni "mambo madogo ya kifamilia," huyo mwanafamilia ndiye mtu wa kuzungumza naye kwanza.

Upekuzi umetoka safi. Kuna kinachoweza kunibana ambacho hakikuandikwa?

Kipo. Sheria za usajili huacha haki kadhaa zinazofanya kazi bila kuingizwa kwenye daftari. Orodha hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini zinazotajwa sana ni njia ambayo watu wamepita kwa miaka mingi, upangaji wa muda mfupi, kodi za ardhi ambazo hazijalipwa, na katika baadhi ya nchi haki ya mtu anayeishi pale.

Hizi hutafutwa kwa miguu. Nenda kiwanjani asubuhi, siku muuzaji hayupo. Tazama kama kuna njia iliyokanyagwa ikikata katikati, bomba au nyaya zinazopita, mahindi yaliyopandwa, nguo zilizoanikwa. Ukimkuta mtu, msalimie, kisha muulize anakaa pale kwa ruhusa ya nani na tangu lini. Andika jibu lake pamoja na tarehe, uliweke pamoja na karatasi ya upekuzi.