Jedwali la neva za mkono: panga matawi kwa kimo, kisha lisome kwa pande mbili

Mwanafunzi anayeanza kusoma pleksasi ya brakia, yaani mtandao wa neva unaotoka shingoni kwenda mkononi, kwa kawaida huchora jedwali lenye mistari mitano, mmoja kwa kila neva kubwa ya mkono, na safu nne: mizizi, neva, misuli na dalili za jeraha. Jedwali hilo huwa sahihi, lakini likifika mbele ya mgonjwa halisaidii sana. Mstari wa neva ya radiali utasomeka hivi: mizizi ya uti wa mgongo C5 hadi T1, misuli yote ya nyuma ya mkono na kigasha, kiganja kinaning'inia. Mgonjwa naye amekuja kiganja chake kikining'inia, na swali unaloulizwa si jina la neva, bali ni mahali gani kati ya shingo na kigasha ambapo neva hiyo imeumia. Mstari mmoja uliobeba kila kitu hauwezi kulijibu swali hilo.

Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni kuigawa mistari ya neva kulingana na kimo ambacho kila tawi hutoka, kuanzia kwapani kushuka mkononi, na kuiandika mizizi kwa kila msuli badala ya kwa neva nzima. Nitaieleza kazi hii kwa neva ya radiali, kwa sababu ndiyo inayoonyesha faida yake waziwazi.

Neva ya radiali huanzia kwenye kamba ya nyuma ya pleksasi. Ikiwa bado kwapani na mwanzoni mwa mkono wa juu, hutoa matawi ya trisepsi. Kisha huzunguka nyuma ya mfupa wa humerasi, ikiwa imelala karibu sana na mfupa kwenye mfereji wa mzunguko, halafu hutokea upande wa nje juu ya kiwiko, ambapo hutoa tawi la brakioradialisi na la msuli mrefu unaonyoosha kifundo cha mkono upande wa gumba. Mbele ya kiwiko hugawanyika katika matawi mawili: tawi la juujuu, ambalo ni la hisia tu, huelekea kwenye ngozi ya mgongo wa kiganja kati ya gumba na kidole cha shahada, na tawi la ndani hupenya msuli wa supineta na kwenda kunyoosha vidole. Ukiyaandika hayo kwa mpangilio huohuo, jedwali litakuwa hivi:

| Kimo | Misuli inayopata matawi hapo | Mizizi, mkuu kwanza | Neva ikiumia hapo |
|---|---|---|---|
| Kwapani, juu ya mfereji | Trisepsi | C7, kisha C6 na C8 | Kiwiko hakinyooki kwa nguvu, refleksi ya trisepsi hupungua au hupotea, kiganja kinaning'inia, hisia hupungua |
| Mferejini hadi juu ya kiwiko | Brakioradialisi. Msuli mrefu wa kunyoosha kifundo upande wa gumba | C6 na C5. C6 na C7 | Trisepsi ina nguvu, kiganja kinaning'inia, hisia hupungua nyuma ya gumba |
| Kigashani, tawi la ndani | Supineta. Misuli ya kunyoosha vidole na gumba. Msuli wa kunyoosha kifundo upande wa kidole cha mwisho | Supineta C6. Iliyobaki C7 na C8 | Vidole havinyooki, kifundo kinanyooka kikielekea upande wa gumba, hisia ni kamili |

Kanuni ya kulisoma ni moja. Neva ikikatwa au kubanwa kwenye kimo fulani, misuli ya mistari iliyo chini ya hapo hupotea, na ile iliyopata matawi yake juu zaidi hubaki. Kwa hiyo tafuta msuli wa chini kabisa ambao bado ni mzima na msuli wa juu kabisa ulioathirika, nawe utajua kwamba jeraha liko katikati yao.

Chukua mfano wa mtu aliyelala usingizi mzito mkono wake ukiwa umetupwa juu ya mgongo wa kiti, akaamka asubuhi kiganja kikiwa kimelegea. Anza na mstari wa juu. Mwombe akunje kiwiko kidogo, kisha akinyooshe huku ukimzuia. Ananyoosha kwa nguvu, na ukigonga kano ya trisepsi kwa nyundo, refleksi inaitika. Matawi ya trisepsi basi ni salama, na jeraha liko chini yake. Nenda mstari wa pili. Kiwiko kiwe kimekunjwa na gumba lielekee juu, kisha mwombe akunje zaidi wakati unamzuia kwenye kifundo. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa kiwiko kitakunjwa hata brakioradialisi ikiwa imepooza kabisa. Bisepsi na brakialisi, zinazopata neva nyingine, zinatosha kufanya kazi hiyo. Usipime nguvu pekee. Tazama na uguse ukingo wa kigasha karibu na kiwiko, mahali ambapo msuli mzima huinuka kama kamba iliyovutwa. Kwa mgonjwa wetu hapo ni bapa na laini. Msuli wa mstari wa pili umepotea, wa mstari wa kwanza upo, na ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada ina hisia hafifu. Jeraha liko kwenye mfereji wa humerasi, na linaafikiana na namna alivyolala.

Ningependa safu ya dalili katika jedwali lenu iwe na nafasi ya kuandika namna ya kupima, kwa sababu mgonjwa huyuhuyu ana mitego mingine miwili. Mkimwambia anyooshe vidole, viungo vya katikati na vya ncha vitanyooka, na mtu asiye makini ataandika kwamba neva ya radiali ni nzima. Viungo hivyo hunyooshwa pia na misuli midogo ya ndani ya kiganja, inayopata neva ya ulna na ya mediani. Kinachopaswa kupimwa ni kiungo cha chini ya kidole, pale kidole kinapoungana na kiganja, huku kifundo kikiwa kimeshikiliwa kisilegee. Mtego wa pili ni kinyume chake. Kiganja kikiwa kimeanguka, mgonjwa hushindwa kutanua vidole vizuri na hata kushika kwa nguvu, na mara mpimaji huongeza neva ya ulna katika orodha ya zilizoumia. Kilaze kiganja bapa juu ya meza, kisha mwombe atanue vidole tena. Kama neva ya ulna ni nzima, vidole vitatanuka.

Hadi hapa tumesoma jedwali kwa mistari tu. Safu ya mizizi hupata thamani yake pale linaposomwa kutoka juu kwenda chini bila kujali neva, na ndiyo sababu nasisitiza mizizi iandikwe kwa kila msuli. Tuseme amekuja mgonjwa mwingine mwenye maumivu yanayotoka shingoni hadi kidole cha kati, trisepsi ni dhaifu, refleksi yake haiitiki, na vidole havinyooki vizuri. Kwa kutazama mistari pekee, utaona inafanana na jeraha la radiali kwapani. Pima brakioradialisi. Ikiwa ni imara, mstari mmoja umerukwa, na jeraha kamili la neva kwapani haliruki mstari: likiathiri trisepsi, huathiri pia kila tawi lililo chini yake. Sasa pitia safu ya mizizi. Trisepsi na misuli ya kunyoosha vidole hushirikiana C7, ilhali brakioradialisi hutegemea C5 na C6. Uthibitisho uko nje kabisa ya neva ya radiali: msuli unaokunja kifundo upande wa gumba ni wa neva ya mediani, lakini nao hupata C6 na C7. Ukiwa dhaifu pamoja na trisepsi, hakuna jeraha moja la neva ya radiali linaloweza kueleza hali hiyo, na macho yako yanapaswa kurudi shingoni. Tarajia udhaifu lakini si kupooza kabisa, kwa kuwa karibu kila msuli wa mkono hupata nyuzi kutoka kwenye mizizi zaidi ya mmoja.

Juu ya mistari mitatu ya radiali ongezeni mmoja wa neva ya aksila, wenye deltoidi kwa C5 na C6. Neva hizo mbili hutoka katika kamba ileile ya nyuma, kwa hiyo deltoidi dhaifu pamoja na kiganja kinachoning'inia hulipandisha jeraha hadi kwenye kamba yenyewe.

Neva nyingine hazidai kazi sawa. Ya muskulokutaneo inatoshwa na mstari mmoja. Ya mediani inahitaji kutenganisha kiwikoni, tawi la ndani la kigasha na kifundoni. Ya ulna haitoi tawi la msuli katika mkono wa juu, hivyo mistari miwili inatosha: chini ya kiwiko, na kiganjani. Mgawanyo huo mdogo unaeleza jambo linalowashangaza wengi, kwamba jeraha la kifundoni huvikunja vidole viwili vya mwisho kama kucha zaidi kuliko jeraha la kiwikoni. Likiwa kiwikoni, msuli unaovuta ncha za vidole hivyo nao hulegea, na mkunjo hupungua, ingawa jeraha ni kubwa zaidi.

Mkilinganisha vitabu mtakuta tofauti katika safu ya mizizi, kimoja kikianzisha radiali kwa C5 na kingine kwa C6. Msipoteze muda kuvipatanisha. Andikeni mzizi mkuu wa kila msuli kwa wino mzito na mizizi ya ziada kwa penseli, kwa sababu hata katika miili ya watu pleksasi nzima yaweza kuanzia juu kidogo kwa kupokea mchango mkubwa wa C4, au kushuka hadi T2. Vimo vya matawi navyo vina mipaka yake. Jeraha la mferejini linaweza kupunguza kidogo nguvu ya trisepsi, kwa kuwa baadhi ya matawi yake hutoka karibu na hapo, na msuli mfupi wa kunyoosha kifundo hupata tawi lake kutoka sehemu tofauti kwa watu tofauti, mara juu ya mgawanyiko wa kiwikoni, mara chini yake. Kwa hiyo msuli huo msiutumie kuamua kimo. Brakioradialisi iliyo juu yake na misuli ya vidole iliyo chini yake hutoa jibu la kuaminika zaidi.